Krismasi ya dhahabu na nyeupe huanzia kwenye balbu

Usiku wa mkesha wa Noeli mwangalie padre anapotoka sakristia. Majuma yote ya Majilio alivaa zambarau, na Jumapili ya tatu pengine waridi. Usiku ule kasula yake ni nyeupe, na parokia yenye uwezo itamvalisha ya dhahabu. Altare nayo imetandikwa nyeupe, na rangi hiyo ndiyo inayotawala hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Nyekundu hupenya katikati kwa ajili ya mashahidi, kama Mtakatifu Stefano tarehe 26 Desemba. Kwa Walutheri wetu pia Krismasi ni nyeupe.

Nimeanza na kanisa kwa sababu kila mwaka ninapopendekeza dhahabu na nyeupe, kuna mtu huniuliza kama hiyo bado ni Krismasi. Ni Krismasi. Nyekundu na kijani zimeshikamana na sikukuu hii kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mimea ya Ulaya, hasa kichaka kinachobaki na majani ya kijani na matunda mekundu wakati miti mingine imepukutika kwa baridi. Kule rangi hizo zinaingizwa ndani kwa kuwa nje hazipo. Kwetu Desemba nje ni kijani, na huku Pwani ile miti ambayo wengi tunaiita mikrismasi imewaka maua mekundu barabarani. Mimi huona sebule inaweza kutoa kitu ambacho barabara haina.

Lakini watu wengi wanaobadili rangi, wakachukua dhahabu na nyeupe au bluu na fedha, huishia kukata tamaa. Wanaona picha nzuri kwenye simu, wananunua mapambo yaleyale Kariakoo, wakiyatundika nyumbani yanaonekana ya bei rahisi. Mapambo hayana kosa. Tatizo liko darini.

Nyumba zetu nyingi zinawashwa na balbu ya LED ya mwanga mweupe. Tazama boksi lake utakuta imeandikwa 6500K. Namba hiyo ni kipimo cha rangi ya mwanga: ikiwa kubwa, mwanga unaelekea ubluu, ikiwa ndogo, kama 2700K au 3000K, unaelekea unjano, kama balbu zile za zamani za waya. Dhahabu ni ya dhahabu kwa sababu inarudisha miale ya njano na nyekundu na kuimeza ya bluu. Ukiimulika kwa mwanga wenye bluu nyingi na nyekundu haba, inapauka, na ile ya plastiki yenye rangi hafifu huchukua ukijani kidogo. Fedha ni kinyume. Yenyewe haina rangi. Inarudisha karibu kila mwale unaoifikia, kwa hiyo inavaa rangi ya kilicho mbele yake. Ikiwa mbele yake pana ukuta wa krimu na pazia la maruni, hiyo ndiyo rangi utakayoiona.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: usichague rangi kwa picha, chagua kwa balbu na ukuta ulio nao. Kwa sebule nyingi ninazozijua, dhahabu na nyeupe zitafaa kuliko bluu na fedha, ilimradi uwe tayari kubadili balbu moja.

Chukua sebule ya dada yangu Tabata. Kuta za krimu, sofa za kahawia, mapazia ya maruni, balbu moja ya 6500K katikati ya dari, mti wa plastiki wa futi sita. Tulianza kwa kuweka balbu ya 3000K, kabla hatujatundika kitu chochote. Kuta zilezile za krimu zikapata joto, kahawia ya sofa ikafunguka, na chumba kikawa tayari kupokea dhahabu. Taa za mti nazo tukachukua za mwanga wa njano, kwa sababu taa nyeupe za mti chini ya balbu ya njano hugombana na chumba na kufanya mti uonekane umehamishwa kutoka dukani.

Baada ya hapo ikaja nyeupe, na nyeupe ni ngumu kuliko dhahabu. Vitambaa vingi vyeupe vya dukani vimetiwa dawa ya kung'arisha ambayo huchukua miale ya jua tusiyoiona na kuigeuza kuwa mwanga wa bluu. Ndiyo maana kitambaa kile mlangoni pa duka kinang'aa kupita theluji. Ndani, chini ya LED, miale ile karibu haipo, na mng'ao wa kitambaa unafifia. Ukikiweka tena mbele ya ukuta wa krimu, kimojawapo kitaumbuka: ama kitambaa kionekane cha bluu, ama ukuta uonekane mchafu. Kwa kuta za krimu tulichukua kitambaa cha rangi ya pembe ya ndovu, ile nyeupe yenye unjano kwa mbali. Namna ya kujua ni nyepesi: omba kipande kidogo, kipeleke nyumbani, kiegemeze ukutani usiku taa ikiwa imewaka, ukae mbali ukitazame. Ukiona ukuta kwanza, kitambaa kile si chako.

Kwenye mti tuliingiza taa kwanza, tukizianzia ndani karibu na shina, halafu tukatoka nazo kuelekea ncha za matawi. Mipira ya dhahabu inayong'aa sana tuliizamisha ndani, karibu na taa, ili irudishe mwanga na kuupa mti kina. Ile isiyong'aa, ambayo rangi yake inaonekana vizuri bila kuwa kioo, ilikaa kwenye ncha. Nyeupe ilikuwa kama theluthi moja tu ya mipira yote. Watu wengi huweka nusu kwa nusu, na hapo macho hayajui pa kuanzia.

Chagueni dhahabu yenyewe kwa makini. Ipo inayoelekea shaba, ipo iliyopauka kama mchanga, na ipo ya njano kali. Ya njano kali juu ya mti wa kijani ni jezi ya Yanga, na mgeni ataliona hilo kabla hujamkaribisha kiti. Inayoelekea shaba ndiyo inayokaa vizuri na kijani, na kwa sebule yenye sofa za kahawia haina mpinzani.

Kuna jambo lingine ambalo picha hazikwambii. Dhahabu na nyeupe zote ni nyepesi, kwa hiyo zikikaa peke yake zinamezana. Meza yenye kitambaa cheupe, sahani nyeupe, leso nyeupe na mishumaa ya dhahabu, ukiipiga picha, inakuwa uji. Lazima pawe na kitu chenye rangi iliyokolea kidogo cha kuzishikilia. Kwa mti, kijani chenyewe kinafanya kazi hiyo, ndiyo maana sioni haja ya kununua mti mweupe. Mezani, dada yangu alitandaza mkeka mwembamba wa ukindu katikati, juu ya kitambaa, akaweka matawi ya mvinje na vikapu vidogo vya ukindu vyenye maembe. Zawadi tulizifunga kwa karatasi ya kaki na utepe wa dhahabu. Kahawia ile ya kaki na ukindu ndiyo iliyofanya dhahabu ionekane.

Na hapa niseme wazi ninachokichukia. Mtu akishika dhahabu na nyeupe, mkono wake unakwenda kwenye satini: anavisha viti, anafunga mafundo makubwa nyuma yake, anakunja mawimbi ya kitambaa ukutani. Matokeo yake ni ukumbi wa sendofu. Rangi hizi zimekwishachukuliwa na harusi zetu, na ukizitumia kwa vitambaa vilevile na mafundo yaleyale, wageni watatafuta bwana harusi. Ziondoe kwenye satini. Weka pamba, kitani, ukindu, mbao, majani mabichi. Kitambaa kiishie mezani, viti viachwe vilivyo.

Bluu na fedha sizikatai, ila zinadai nyumba nyingine. Zinataka kuta nyeupe kweli au kijivu, vigae vya rangi baridi, na balbu ileile ya 6500K ambayo dhahabu haiitaki. Kwa mwenye nyumba ya namna hiyo ni bahati: hahitaji kubadili taa hata moja. Tena kwa joto la Desemba la Dar, Tanga au Mombasa, chumba cha bluu na fedha kinapumzisha macho kwa namna ambayo nyekundu haiwezi.

Bluu inapoharibika, inaharibika kwa giza. Mwanga wa njano una miale michache ya bluu, kwa hiyo bluu haina cha kurudisha, nayo inaelekea weusi. Bluu iliyokolea, ile ya sare za shule, ukiitundika kwenye mti wa kijani chini ya balbu ya 2700K, ifikapo saa mbili usiku utaona mashimo kwenye mti. Nimeona mti uliobeba mipira mingi ya namna hiyo ukidhaniwa na wageni kuwa haujamalizwa kupambwa. Jaribio lake ni kuuwasha mti usiku, kuzima taa ya dari, na kurudi nyuma hadi mlangoni. Mpira usioonekana kutoka mlangoni haupo.

Kwa hiyo fedha ndiyo iongoze, bluu ifuate. Kwa kila mpira mmoja wa bluu weka miwili ya fedha, na bluu hiyo iwe ya maji ya kina kifupi, ile unayoiona Nungwi saa sita mchana. Bluu ikae kwenye ncha za matawi, karibu na taa nyeupe. Fedha nayo ipe cha kuakisi: ukuta mweupe, dirisha, kioo. Fedha iliyowekwa kwenye kona yenye kivuli ni kijivu tu, hata kama umeinunua ghali.

Usichanganye dhahabu na fedha kwenye mti mmoja kwa kuogopa kuchagua. Balbu ni moja, na rangi itakayoikosa balbu hiyo ndiyo itakayoonekana kuukuu. Kama nyumba ina vyumba viwili vyenye taa tofauti, kila kimoja kipewe chake: sebule ya balbu ya njano ichukue dhahabu na nyeupe, baraza ya taa nyeupe ichukue bluu na fedha, na mlango ulio kati yao uachiwe majani ya kijani.