Buku langu na jezi za binzari

Jamani mimi nimetoa buku langu nione mpira, nikakuta timu yenye jezi nyeupe imelowekwa kwenye binzari na giza juu, refa simuoni nasikia filimbi tu. Nikanyamaza, mtu mzima hagombani bandani.

Dakika ya 63 tumepata penalti, projekta ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga, kitaa chekundu kikawaka kwenye maandishi ya TEMP, pap! Ukuta. Mwenye banda eti umeme mdogo, na feni la ukutani linazunguka mbele yake! Akanyoosha mkono achomoe waya, heshima ikaniishia nikapiga kelele wewe aachaa, taa bado ya moto, ukichomoa na feni yake inazima joto linabaki humo humo. Akaniuliza kwani wewe fundi? Mimi nauza mitumba bwana, ila shemeji yangu anakodisha projekta za harusi, ngazi nimemshikia mpaka mabega yameshuka.

Feni ilipotulia tukasubiri ipoe, akapanda juu ya kreti. Kwanza juu ya projekta kulikuwa na taulo, eti bati linavuja. Tundu za hewa zote zimevishwa taulo! Akafungua kifuniko cha filta, vumbi limeshikana na moshi wa mafuta ya chipsi wa dada wa mlangoni limekuwa blanketi kabisa, hewa ipite wapi? Akalipuliza kwa mdomo likamrudia lote machoni, tukampigia makofi. Nikalisugua kwa brashi ya viatu, taulo tukalitupa, ikawaka na haikuzima tena mpaka mwisho. Penalti ilishapigwa, msiniulize.

Sasa anakuja, mbona bado njano, si umetengeneza? Kaka, haya magonjwa mawili. Kuzima ni joto, inajilinda isiungue. Njano na ufifi umeuona hata ilipowashwa imepoa, hiyo ni taa imezeeka. Ingekuwa madoa ya njano sehemu moja tu ningesema vioo vya ndani vimeungua, hapo hata taa mpya haisaidii, ila hii njano imeenea ukuta mzima.

Akakataa, akafungua menyu anioneshe: Lamp Hours 214. Ona, mpya! Nikamuuliza umeinunua lini, wiki tatu zilizopita, imetumika, na unawasha kama saa kumi kwa siku. Piga hesabu, hizo 214 zote ni zako wewe! Aliyekuuzia alirudisha saa sifuri kwa rimoti, mita inahesabu tokea iliporudishwa, taa haijui kama imefutiwa umri. Taa za hivi zinakwenda elfu tatu nne hivi, na zikifika huko mwanga umebaki kama nusu. Akakaa kwenye kreti kimya, nikamuonea huruma sekunde mbili.

Buku sijarudishiwa, nimepewa chipsi mayai za fidia, na hayo mayai yenyewe meupe pee, njano yote imeishia ukutani.