Katambuga: soli haimalizwi na barabara, humalizwa kwenye tundu la mkanda

Wanaozisifu katambuga husema haziishi. Wanaozilaumu husema ni nzito, zinachubua, na waya huchomoza ukaumiza mguu. Pande zote mbili zinasema kweli, ila mara nyingi hazizungumzii kiatu kimoja. Katambuga iliyokatwa kwenye tairi la nyuzi na ile iliyokatwa kwenye tairi la waya zinafanana sana zikiwa mpya, lakini baada ya miezi kadhaa kila moja huonyesha asili yake. Kwa maoni yangu, anayenunua bila kujua soli imetoka kwenye tairi la aina gani anacheza bahati nasibu.

Sifa ya kudumu ina msingi. Mpira wa uso wa tairi, yaani sehemu inayokanyaga barabara, umepikwa kwa salfa na kuchanganywa na masizi laini ya kaboni ili usilike haraka. Tairi moja la gari dogo hubeba kilo 300 au zaidi, huku likiburuzwa kwenye breki na kwenye kona. Mtu wa kilo 70 anayetembea hana nguvu ya kuusugua mpira huo kwa kiwango hicho. Ndiyo maana soli kulika hadi ikatoboka ni jambo la nadra. Hata katambuga zinazotupwa, ukizigeuza utaona bado zina mpira wa kutosha.

Kinachokufa ni kiungo cha mkanda na soli. Kila hatua, mguu unapoinuka, mkanda unavutwa na kulivuta tundu lake. Hapo swali linakuwa moja: ndani ya soli kuna kitu gani cha kuzuia tundu lisichanike? Mpira peke yake, ukishapata ufa mdogo kwenye kona ya tundu, huendelea kuchanika kidogo kidogo. Mpira wenye nyuzi za nailoni ndani yake hauchaniki kirahisi, kwa sababu ufa ukifika kwenye nyuzi husimama.

Tuchukue matairi mawili. La kwanza ni la gari dogo, limeandikwa 195/65R15 ubavuni. La pili ni la lori, limeandikwa 10.00-20. Herufi R kwenye la kwanza inaonyesha kwamba nyuzi zake zimelazwa kukingama kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa matairi ya magari ya siku hizi maana yake ni kwamba chini ya uso wake kuna mikanda ya waya wa chuma. Alama ya kistari kwenye la pili inaonyesha tairi la mtindo wa zamani, lenye nyuzi za nailoni zilizopishana kwa mshazari, na waya wake mzito uko kwenye kingo zinazokaa kwenye rimu tu. Lori lilelile linaweza kuvaa tairi la 10.00R20, la ukubwa uleule, lakini hilo kwa kawaida limejaa waya hata ubavuni.

Fundi akipata lile la gari dogo likiwa kipara, ana njia mbili, na zote zina kasoro. Akikata soli pamoja na waya, anapata unene na uimara, lakini ncha za waya zinabaki kwenye kingo na ndani ya matundu. Jasho na maji yanaingia, waya unashika kutu, mpira unaachana nao, na ncha zinaanza kuchomoza upande wa mguu. Akiamua kuuchuna mpira ulio juu ya waya, tatizo linakuwa unene. Nchi nyingi huhesabu kwamba tairi limekwisha linapobaki na meno ya kina cha milimita 1.6. Ukiongeza ule mpira mchache ulio kati ya meno na waya, soli nzima haizidi milimita 4 au 5, na haina nyuzi hata moja. Kwa mwonekano ni soli ya tairi, lakini kwa nguvu haiizidi sana ndala nzito.

Lile la 10.00-20 ni hadithi nyingine. Mpira wake ni mnene, matabaka ya nailoni ni mengi, na fundi huwa na kazi ya kupunguza badala ya kutafuta unene. Anaweza kuacha mpira wa milimita 6 hivi pamoja na matabaka mawili au matatu ya nyuzi, akapata soli ya milimita 8 hadi 10 ambayo mwiba haupiti kirahisi na tundu halichaniki. Hii ndiyo katambuga inayostahili sifa ya kudumu kwa miaka.

Kuna tofauti ya pili ambayo watu huigundua wakishaivaa: mpindo. Soli hukatwa kufuata mzunguko wa tairi, uso wa tairi ukiwa chini, kwa hiyo kidole na kisigino huinuka. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha karibu sentimita 63. Soli ya sentimita 28 ikikatwa humo, ncha zake huinuka kama sentimita 3 kabla hujaikanyaga. Tairi la 10.00-20 lina kipenyo cha mita moja na ushei, na soli ya urefu uleule huinuka chini ya sentimita 2. Uzito wa mwili huulaza mpindo huo kiasi, lakini siyo wote, na mguu unaosimama kutwa juu ya soli iliyopinda sana huchoka unyayoni. Tairi la pikipiki ni baya zaidi kwa soli za mtu mzima, maana ni jembamba na limepinda pia kutoka upande hadi upande, hivyo mguu huyumba. Lina nyuzi nzuri, kwa hiyo matumizi yake bora ni mikanda.

Sasa upande wa lawama. Uzito siyo kisingizio cha wavivu. Soli ya mtu mzima ina eneo la kama sentimita za mraba 220. Ikiwa na unene wa milimita 12, hiyo ni karibu gramu 300 kwa mguu mmoja, mikanda haijahesabiwa. Ikipunguzwa hadi milimita 8, inashuka hadi gramu 200 hivi. Kwa hiyo unene uleule unaozuia mwiba ndio unaochosha mguu, na hakuna fundi anayeweza kukupa vyote viwili kwa ukamilifu. Anayefanya kazi shambani au porini kwenye miiba ana sababu ya kubeba gramu 300. Anayetembea masafa marefu kwenye njia safi hana sababu hiyo, na akichagua ile nene kwa kuwa ni imara zaidi atakuwa amelipia uimara asiouhitaji kwa kuchosha miguu yake.

Utelezi nao ni wa kweli. Tairi kipara lililokaa juani miaka mingi limekuwa gumu, na kwenye sakafu laini yenye maji au kwenye utelezi wa matope halishiki. Soli yenye meno yaliyobaki inasaidia kwenye udongo, ingawa kwenye vigae vilivyolowa meno peke yake si kinga ya kutosha.

Lawama ninayoiona nzito kuliko zote haizungumzwi sana, nayo ni ya ngozi. Mpira wa tairi una dawa za kuuzuia usipasuke kwa jua na hewa, na baadhi ya dawa hizo zinajulikana kwa kusababisha mzio wa ngozi kwa watu wachache. Dalili ni mwasho na vipele vinavyofuata umbo la mkanda au unyayo. Kwa mtu wa namna hiyo, uimara wa kiatu hauna maana yoyote, labda soli iwe na bitana ya ngozi na mikanda isiwe ya mpira.

Ukiwa na jozi mkononi, anza na ukingo uliokatwa kwa kisu. Utasoma matabaka yake waziwazi. Nyuzi za nailoni huonekana kama mstari wa nukta nyeupe au za rangi ya kahawia, laini ukizigusa. Waya huonekana kama nukta zinazong'aa, au zenye kutu. Kama mafundi wamepaka rangi nyeusi ukingoni, tumia sumaku ndogo: ikishika katikati ya soli, mbali na misumari, kuna waya. Ndani ya kiatu usipitishe kidole, pitisha kitambaa. Kikinasa, acha.

Kisha kunja soli kwa mikono miwili, uso wa chini ukitazama nje, na uangalie ndani ya mifereji ya meno. Nyufa ndogo nyingi ni ishara ya mpira uliozeeka, na zitaongezeka. Chokonoa ukingo kwa ukucha. Matabaka yakianza kuachana kidogo tu, hayo hayafungwi tena kwa gundi.

Mwishoni nenda kwenye matundu, na hapa usiwe na haraka. Tundu liwe angalau sentimita moja kutoka ukingoni, na ncha zake ziwe za mviringo, maana kona kali ndiyo inayozaa ufa. Tazama jinsi mkanda ulivyofungwa. Ukiwa umepita chini ya soli na kuachwa wazi, utasagwa na ardhi muda mrefu kabla ya soli. Unapaswa kulala ndani ya mfereji uliochongwa. Ukishikwa na misumari, ncha ziwe zimekunjwa na kuzama kwenye mpira, tena zisiwe upande wa unyayo. Kuna mbinu ya tatu, iliyotumika sana Vietnam wakati wa vita: tundu hukatwa dogo kidogo kuliko mkanda, mkanda ukavutwa kwa nguvu, na mpira wenyewe ukaubana bila msumari wala gundi. Naipenda kuliko zote, kwa sababu mkanda ukilegea unauvuta tena, na ukikatika unaubadilisha bila kuharibu soli.

Mkanda wa tyubu ni laini na hauchubui, lakini ukipata mkwaruzo kwenye ukingo unachanika ghafla. Ule uliokatwa kwenye tairi la pikipiki au ubavu wa tairi la nyuzi ni mgumu siku za mwanzo, na unadumu zaidi. Mimi ningechukua wa pili kwa nyuma ya kisigino na penye mvuto mkubwa, nikaacha tyubu kwa juu ya vidole. Kabla ya kulipa, muulize fundi mkanda ukikatika atautoaje. Akijibu kwamba itabidi atoboe tundu jipya pembeni mwa lile la zamani, hesabu kwamba soli hiyo, hata iwe nene namna gani, itavumilia matengenezo mara moja au mbili tu.