Usitoke Kwenye Kundi Kabla Hujakabidhi Uadmini

Binamu yangu alifungua kundi la WhatsApp la ukoo wetu kwa ajili ya michango ya harusi moja, na harusi ilipokwisha kundi likabaki, likawa ndipo tunapopeana habari za wagonjwa, mazishi, hitima na mashamba ya babu kule Pangani. Tulifika watu 96, wengi wetu Tanga na Dar es Salaam, wengine Mombasa na Muscat. Kwa miaka yote hiyo admini alikuwa yeye peke yake, na hakuna aliyeona ubaya wowote, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kujibu na mwaminifu wa kuandika kila shilingi iliyochangwa.

Mwaka juzi tulifiwa na babu mdogo. Watu wakawa wanatuma vichekesho katikati ya matangazo ya msiba, binamu akaingia kwenye mipangilio ya kundi na kuweka kwamba wanaoweza kutuma ujumbe ni maadmini tu. Kwa siku ile alifanya jambo la busara. Baada ya hitima, hata hivyo, pakazuka maneno kuhusu hesabu za michango, naye usiku ule ule akajitoa bila kusema neno na bila kumweka mtu yeyote mahali pake.

Kwa siku mbili hakuna aliyeelewa kilichotokea. Tangu mwaka 2022, mtu akijitoa kwenye kundi la WhatsApp wanaojulishwa ni maadmini peke yao, na kwetu admini alikuwa ndiye huyo huyo aliyeondoka. Sisi tuliona tu kwamba hatuwezi kuandika, tukadhani ametufungia kwa hasira, na baadhi ya wazee wakampigia simu kumlaumu kwa jambo ambalo hakuwa tena na uwezo wa kulibadilisha. Hatimaye mtoto wa dada yangu alifungua orodha ya wanachama, ambayo huwatanguliza maadmini, akakuta maneno "Group Admin" kando ya jina la mama mkubwa wa Pangani, ambaye simu yake huitumia kusikiliza ujumbe wa sauti na kupokea simu za wanawe, basi.

Wengi hawajui kwamba admini akiwa mmoja na akatoka, WhatsApp huteua mwanachama mwingine bila mpangilio maalumu na kumpa uadmini. Programu haimjui mweka hazina wala mkubwa wa ukoo. Binamu aliniambia baadaye kwamba alidhani kundi lingekwenda lenyewe kwa kaka aliyekuwa akimsaidia kukusanya michango, na nilipomsikiliza nikaona kwamba hakukusudia kutudhuru. Mama mkubwa naye alikuwa ameuona ujumbe mfupi wa "You're now an admin", akadhani ni tangazo la mtandao wa simu. "Mwanangu, mimi sikugusa kitu," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kuwa ameharibu mali ya watu. Ilibidi mjukuu wake aliye jirani aende nyumbani kwake jioni, ashike ile simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, nami nimwelekeze kwa sauti mpaka uadmini ukatufikia watu watatu.

Kazi yenyewe ni ndogo mno ukiilinganisha na aibu ile. Unafungua kundi, unagusa jina lake lililo juu, unashuka hadi kwenye orodha ya wanachama, unagusa jina la unayemtaka (simu nyingine hutaka ulishikilie kidogo), kisha unachagua "Make group admin". Usiishie hapo. Rudi kwenye orodha uhakikishe kwamba maneno "Group Admin" yameonekana kando ya jina lake, halafu mwombe afanye jambo moja la kiadmini mbele yako, kwa mfano afunge kundi kwa maadmini tu kisha alifungue tena. Asiyeweza kufanya hivyo ukiwa bado ndani ya kundi hataweza siku umeondoka, na ni afadhali mlijue hilo mapema, mkiwa bado mnaweza kuelekezana.

Iko tofauti moja ambayo naiona ndiyo kiini cha jambo hili. Telegram ina njia ya kuhamisha umiliki wenyewe: mwenye kundi humpa admini mwenzake haki zote, kisha huchagua "Transfer group ownership", na programu hukubali tu kama nywila yake ya uthibitisho wa hatua mbili ina zaidi ya siku 7. Kwa hiyo anayetaka kuondoka kesho na hakuwahi kuweka nywila hiyo amechelewa. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp, kinachokabidhiwa ni uadmini tu. Aliyelianzisha ana kinga yake, kwamba maadmini wengine hawawezi kumtoa, lakini kinga hiyo haina mrithi. Akishaondoka, wanaobaki wote wako sawa, na yeyote kati yao anaweza kuwavua wenzake uadmini kwa kuwagusa mmoja mmoja na kuchagua "Dismiss as admin", akabaki peke yake na kundi zima mkononi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba tahadhari ni kuwapa uadmini watu kumi. Kila unayemwongeza ni mtu mwingine anayeweza kuwaondoa wote siku akikasirika, na siku hiyo hatakuwepo mwanzilishi wa kumrudisha nyuma. Mmoja naye hatoshi, kwa maana simu huibiwa na laini hupotea. Mimi naona watatu wanalitosha kundi kama letu, wasiwe wa nyumba moja, na majina yao yatangazwe kundini na mwanzilishi mwenyewe kabla hajatoka, ili wanachama wajue kwamba wamewekwa kwa ridhaa yake na hawakujipachika.

Kabla ya kutoka, mwanzilishi aangalie pia milango aliyoifunga yeye. Kama wanachama wapya huingia kwa idhini ya maadmini, awaonyeshe wenzake maombi yanapoonekana. Kama linki ya kujiunga ilisambazwa kwa watu wengi, waibadilishe pamoja. Na kama sababu ya kuondoka ni kubadilisha laini tu, kwa mfano amehamia Oman na kununua namba ya huko, hana haja ya kutoka kabisa: mipangilio ya akaunti ina "Change number", ambayo huhamishia akaunti pamoja na makundi yake kwenye namba mpya. Anayeiacha njia hiyo na kuanza upya kwa namba mpya huiacha namba ya zamani ndani ya kundi ikiwa na uadmini ambao hakuna anayeutumia.

Hali hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa ndiyo pia hali ya aliyefariki. Maiti hajitoi kundini. Akaunti isiyotumika kwa kawaida hufutwa baada ya siku 120, na mpaka hapo kundi lililofungwa na admini mmoja aliyekufa hubaki limefungwa, labda tangazo la mazishi yake lenyewe lisiweze kuandikwa humo. Kwetu sasa admini mmoja yuko Muscat, mwingine Dar es Salaam na wa tatu Tanga mjini. Mama mkubwa aliomba avuliwe uadmini jioni ile ile, na mjukuu wake alipomwambia kwamba jina lake halina tena yale maneno ya Kiingereza pembeni, akaomba aonyeshwe kwa macho yake kwanza ndipo airudishe simu kwenye kanga.