Shairi la kumuaga mama: uulize nini, uache nini

"Naomba uniandikie shairi la kumuaga mama, la Jumamosi. Liwe lolote tu, wewe ndiye mtaalamu."

Mwanzoni ujumbe kama huu nilikuwa naujibu kwa "sawa", kisha nashika kalamu. Safari moja nikadhani ni msiba, nikatunga kibwagizo: *Kazi umeimaliza, pumzika mama yetu*. Kumbe mama alikuwa anastaafu. Aliyeniagiza hakuona tatizo, maana mstaafu naye kazi kaimaliza na anapumzika. Liliposomwa ukumbini, nikaambiwa, shangazi mtu akajifunika kanga usoni na kuanza kulia.

"Kuaga" kunaweza kuwa makaburini, kwenye sherehe ya kustaafu, au uwanja wa ndege mtu akienda Hija. "Mama" naye si lazima awe mzazi. Kwenye ofisi nyingi za kwetu ni bosi.

Wapo wenzangu wanaosema usiulize, andika. Hoja yao ina uzito. Muagizaji hajui tofauti ya tarbia na shairi huru, na ukimuuliza anataka lipi atajibu "lolote" mara ya pili, safari hii akiwa na wasiwasi kwamba amekosea. Zaidi ya hapo, watu hutambua wanachokikataa wakishakiona. Beti moja ya majaribio yaweza kumfungua mdomo kuliko maswali kumi. Nami nakubali kabisa kwamba mtu aliyepelekewa maswali kumi hukaa kimya, halafu unasikia amempata mtunzi mwingine.

Ila kwa shairi la vina, kurekebisha si kubadilisha neno tu. Mshororo wangu wa kawaida una mizani 16, nane kwa nane. "Mama Rehema" ni mizani mitano, "Mama Mwanahamisi" ni saba. Ukiletewa jina Ijumaa usiku, kila kipande kilichobeba jina kinavunjika, na kama jina limekaa kwenye kina, beti nzima inaondoka nalo. Kwa hiyo jina naliomba mapema, hata kabla ya kujua kama ni furaha au kilio.

Kila swali nalipima hivi: majibu mawili tofauti yangenipa beti ya kwanza tofauti? Kama hapana, naliacha. "Unataka la huzuni au la furaha?" lilifutika kwa kipimo kingine, kwamba jibu lake hudanganya. Mtu akishasema "furaha" unaanza kumwandikia vigelegele mwanzo hadi mwisho, wakati sherehe ya kustaafu ina donge lake kooni. "Fupi au refu?" nalo halifai, maana fupi ya mmoja ni beti mbili, ya mwingine ni ukurasa.

Kwa ujumbe huu wa Jumamosi nilibakiwa na matatu, nikayatuma pamoja. Litasomwa wapi, na nani, na mshereheshaji amempa dakika ngapi? Anaitwaje, na ninyi mnamwitaje? Anafanya kitu gani ambacho mkikutana mnakiigiza na kucheka?

Jibu likaja kwa sauti, na kelele za daladala nyuma yake. Ukumbini, atasoma yeye, dakika tatu. Mama ni mkuu wao wa kitengo. Jioni hufunga madirisha yote mwenyewe, akifika getini anarudi kuyahakikisha tena.

Swali la kwanza pekee likanipa msomaji, urefu na hali ya moyo bila kuvitaja. Aliye mfanyakazi hawezi kumwambia bosi "ulininyonyesha", kwa hiyo picha zote za malezi zikaanguka. Beti ya tarbia ya mishororo minne, nikiisoma taratibu, hunichukua kama sekunde 20, na nikiighani hunichukua mara mbili yake. Huyu anasoma tu, tena kwa simu, na wasikilizaji watapiga makofi katikati. Nikakata: beti sita.

Swali la tatu likazaa kibwagizo: *Nani tena afungaye, madirisha ya jioni?* Kwa kubahatisha nisingekipata, hata ningemtumia beti ngapi za majaribio. Beti ya majaribio humwonyesha muagizaji akili yangu mimi, wakati haya madirisha yalikuwa kichwani mwake yeye, na hakuwa na habari kwamba ndiyo shairi lenyewe.

Bahari ya shairi sikuuliza. Hapo nawaunga mkono wenzangu, nikaamua mwenyewe. Shairi huru lingefaa kusomwa chumbani, lakini ukumbi wenye sahani na watoto unataka kibwagizo kinachorudi. Mpaka beti ya pili wafanyakazi wenzake watakuwa wamekishika, na ya tatu watamjibu bila kuambiwa.

Sikuuliza pia jambo lisilopaswa kutajwa, kwa sababu kwa bosi halina uzito mkubwa. Angekuwa mama mzazi, lingekuwa la kwanza, na ningepiga simu.