Kahawa kiporo si sumu, mmeiua kabla ya kuipasha

Ule ujumbe umeanza kuzunguka tena: kahawa ikipashwa moto mara ya pili inageuka sumu, inatoboa tumbo, usithubutu. Chini yake, kama kawaida, wamejipanga wa upande wa pili: "Mimi hupasha ya juzi na bado nadunda." Wote wananikera kwa kipimo kilekile. Wanagombania moto wa mara ya pili, ilhali kilichoiharibu kahawa hiyo ni moto wa mara ya kwanza ambao hakuna aliyejali kuuzima.

Tumalize la usalama haraka, maana kwa kahawa nyeusi halina mengi. Haina protini wala mafuta ya kutosha kulisha vimelea, ina uchachu kidogo, na imepikwa kwa maji yanayokaribia kuchemka. Ikibaki mezani saa chache katika chombo safi kilichofunikwa, kuipasha hakuzalishi sumu yoyote. Ikishapita siku nzima nje ya friji, imwage. Ukiona utando juu yake au madoa ya ukungu pembeni ya kikombe, usiuengue ukadhani umeiokoa. Kafeini nayo haiendi popote, moto wa jikoni hauigusi, kwa hiyo anayepasha kahawa akitarajia imepungua makali atakesha.

Kahawa yenye maziwa ni habari nyingine kabisa, na hapa nakubali, kwa shingo upande, kwamba watu wa ule ujumbe wana hoja ingawa hawaijui. Maziwa yakikaa katika joto la kati ya nyuzi 4 na 60 ni shamba la bakteria. Saa 2 nje ya friji ndiyo mwisho, na kama hewa imepita nyuzi 32, saa 1. Sukari haisaidii, kwa kiasi kinachotiwa kikombeni haihifadhi kitu. Na tafadhali tuache ile kauli ya "nimeichemsha tena, wadudu wamekufa." Bakteria wa stafilokokasi wanakufa kweli, lakini sumu waliyokwisha kuiachia ndani ya maziwa inavumilia kuchemshwa. Unachokunywa ni sumu ya marehemu. Maziwa ya soya na ya lozi yafuate sheria hiyohiyo.

Sasa ladha, ambako ndiko ugomvi wenyewe uliko.

Kahawa iliyotoka kupikwa ina vitu viwili visivyodumu. Cha kwanza ni harufu. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ya kahawa hutoka kwenye kemikali nyepesi zinazoruka na mvuke, na baadhi yake, hasa zile zenye salfa zinazoipa kahawa harufu ya kukaangwa, hazihitaji hata kuruka. Zinashikwa na chembechembe za rangi ya kahawia zilizomo ndani ya kahawa yenyewe, zinafungwa humohumo, na pua haizipati tena. Hata katika chombo kilichofungwa kikafungika, hilo linaendelea, na kadiri kahawa inavyokuwa ya moto ndivyo linavyoenda mbio.

Cha pili ni asidi. Buni ina asidi za klorojeniki kwa wingi. Zikikaangwa, sehemu yake hugeuka kuwa viambato vyenye uchungu wa wastani, ule uchungu tunaoupenda. Viambato hivyo vikikaa ndani ya maji ya moto vinafunguka taratibu na kuzaa asidi, ya kwiniki ikiwa mojawapo. Ndiyo maana kahawa iliyokaa motoni muda mrefu huwa chachu kuliko ilivyokuwa ilipopikwa, na uchachu wenyewe si ule wa tunda. Ni mkali, unabana pembeni mwa ulimi, kisha unaacha mdomo mkavu wenye ukakasi. Ukiuonja huo, ujue kahawa hiyo imekalishwa motoni, hata aliyekumiminia aape vipi.

Angalia sasa muda unavyohukumu. Chukua birika lililobaki na kahawa ya mililita 250, likaachwa juu ya lile bamba la moto la mashine, ambalo huishikilia kahawa kwenye nyuzi 80 hivi. Likikaa saa 2, kahawa imepikwa dakika 120 zaidi. Chukua kahawa hiyohiyo, iachwe ipoe kwenye chombo kilichofunikwa, halafu ipashwe kwa dakika 2. Moto wa ziada wa ile ya kwanza ni mara 60 ya huu. Halafu anayekunywa ya kwanza anajisifu kwamba yeye hapashi kiporo! Hajapasha, kweli. Ameipika mchana kutwa. Juu ya hayo, birika likiwa wazi maji yanapungua, kwa hiyo kila kinachochukiza kinazidi kukolea. Dakika 20 juu ya bamba hilo, labda 30, ndiyo nitakayovumilia. Baada ya hapo zima. Mashine nyingi zina swichi, si pambo.

Kosa la pili ni kuiacha kahawa ikae na machicha yake. Kama umeipika kwa kuchemsha unga sufuriani, au kwa chombo cha kukandamiza, unga ulioko chini haujaacha kazi kwa sababu wewe umeshajaza kikombe chako. Unaendelea kutoa uchungu. Chuja yote, mara moja, hata kama utakunywa nusu tu.

Kwa hiyo uamuzi unafanyika kahawa ikiwa ndiyo kwanza imepikwa, ndani ya zile dakika kumi za mwanzo. Utainywa ndani ya saa 2? Itie kwenye chupa ya chai. Utainywa baadaye ya hapo? Ipoze upesi. Kati ya hayo mawili hakuna la tatu, na "nitaona baadaye" ndiko kunakozaa kile kimiminika ambacho watu wanakilaumu moto wa pili.

Chupa ya chai ina masharti. Ijaze maji yanayochemka, ifunge, subiri dakika 5, mwaga, ndipo umimine kahawa. Chupa baridi inakunyang'anya nyuzi kadhaa papo hapo. Jaza hadi shingoni, kwa sababu nafasi tupu ndiyo inayopokea harufu iliyotoroka. Maziwa yaongezwe kikombeni, kamwe yasiingie chupani. Na chupa ikinuka kahawa ya mwezi uliopita, kahawa ya leo itanuka hivyohivyo: mafuta ya kahawa huganda ukutani na kuchacha. Tia kijiko kikubwa cha magadi ya kuokea kwa lita 1 ya maji ya moto, acha nusu saa, suuza, na uvue ule mpira wa kifuniko uuoshe peke yake, maana humo ndimo uvundo unamojificha. Hata hivyo chupa ya chai haisimamishi kitu, inatunza joto, na joto ndilo adui. Baada ya saa 2 au 3 kahawa bado ni ya moto na tayari imechoka. Anayeisifia kwamba imetoka ya moto baada ya saa 10 anasifia chupa.

Kupoza ni rahisi zaidi. Mimina kahawa nyeusi kwenye chombo cha chuma kisafi chenye kifuniko, kinachokaribia kujaa, ukikalishe kwenye beseni la maji baridi kwa robo saa, kisha friji. Mtungi wa kioo unafaa pia, ila usiuingize kwenye maji baridi ukiwa na kahawa ya moto, utapasuka. Kifuniko kibane kweli, la sivyo kesho utakunywa kahawa yenye harufu ya vitunguu. Friji haizuii kuharibika kwa ladha, inakuchelewesha tu: ndani ya siku 1 inanyweka vizuri, siku ya 3 au ya 4 bado ni salama lakini imebaki uchungu mtupu.

Ukiipasha, pasha kile utakachokunywa, si chombo chote. Sufuria ndogo, moto mdogo, na uondoe pale mvuke unapoanza na vipovu vidogo vinajishika pembeni. Hapo uko nyuzi 60 na kitu, inatosha. Kuichemsha ni kufukuza ile harufu kidogo iliyosalia. Tena mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, uliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, kwa sababu ya joto lenyewe, huku kahawa kama kahawa ikitolewa kwenye orodha ya washukiwa. Kama mnataka ujumbe wa kusambaza, huo hapo.

Maikrowevu haina dhambi wanayoisingizia. Inachokosea ni kupasha bila usawa, pembeni panatokota na katikati baridi, na kikombe laini sana kinaweza kushika maji yaliyopita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, yakalipuka ukitia kijiko. Kwa mililita 250 pasha sekunde 30, koroga, 30 nyingine, koroga, onja. Kwa mashine ya wati 800 kahawa iliyopoa mezani itahitaji kama dakika moja na nusu, ya friji itazidi kidogo.

Chumvi punje chache hupunguza uchungu, hilo ni kweli. Harufu hairudishi.

Lakini kwa wale ambao kila siku wanabakiza na kila siku wanalalamika, acheni kupasha kabisa. Tengenezeni kahawa nzito ya baridi. Gramu 100 za unga uliosagwa kwa ukubwa wa chumvi ya mawe, mililita 500 za maji baridi safi, koroga hadi unga wote ulowe, funika, weka friji kwa saa 16 hadi 18. Chuja kwa kitambaa kisha kwa karatasi ya kuchujia, bila kukamua, ukikamua unaleta tope na ukakasi. Unga hubaki na karibu mililita 200 za maji, hivyo tegemea kupata 300. Hukaa friji wiki moja ikiwa na ladha inayoeleweka, kwa sababu haikuwahi kuona moto.

Ukitaka kikombe, tia mililita 100 za hiyo kahawa nzito kwenye kikombe kilichopashwa, kisha 200 za maji yaliyotoka kuchemka. Nyuzi 4 zikikutana na 95 kwa vipimo hivyo utaangukia kama 65, kikombe kikishachukua chake zinabaki 60. Ukitia nusu kwa nusu utapata uvuguvugu mchungu, halafu utakuja kunilaumu. Wapo watakaosema haina ule mchomo wa harufu wa kahawa iliyopikwa saa hiyohiyo. Haina, wala haina ule uchachu mzuri wa matunda, na aliyenunua buni ya bei kali kwa ajili ya uchachu huo asiilowekee friji. Aipike, ainywe yote, au apike kikombe kimoja: gramu 15 za unga kwa mililita 250 za maji.