Kabla ya kuchanga mitambo mipya, sogezeni spika

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa alitueleza kwamba kamati imekaa na kuona kuwa maiki haitaacha kupiga mluzi mpaka tununue mitambo mipya. Mikisa mpya, ampli mpya, na kile kidude cha kuzuia fidibaki alichokiona kwenye kanisa la mkwe wake. Bahasha zitagawiwa. Katikati ya sentensi maiki ikamlilia usoni. Akageuka kumtazama kijana wa mitambo kwa lile jicho tunalolijua wote.

Nimenyamaza wiki nzima, leo naandika. Mitambo yetu ni mizima. Tuna maiki moja na spika mbili, na hizo spika ziko kwenye kona za madhabahu, nyuma ya mimbari, zikimtazama mchungaji kisogoni. Ziliwekwa hapo kwa sababu ndipo penye soketi, na baadaye tukajitungia sababu ya kiroho kwamba ni ili mchungaji ajisikie. Hata mkinunua mikisa ya uwanja wa taifa, zikibaki hapo italia vilevile, tena kwa sauti safi zaidi.

Mluzi ni sauti ileile inayozunguka. Inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena. Mzunguko ukirudi na nguvu sawa na ulivyoondoka, au zaidi, ukumbi unalia. Ukirudi umepungua, hata kidogo, sauti inakufa yenyewe. Basi. Na mzunguko haujali umepandisha kitufe gani, ndiyo maana ushauri wa kila Jumapili wa "punguza geini, ongeza masta" hauna faida yoyote: geini ni ya maiki moja, masta ni ya mitambo yote, umekopa kulia ukalipa kushoto. Kinachosaidia ni kimoja tu, sauti ya mchungaji iingie nyingi kwenye maiki na sauti ya spika iingie kidogo.

Sasa nendeni mkasimame pale mimbarini. Maiki ya kawaida ya mkononi haisikii pande zote sawasawa. Mbele inasikia vizuri, ubavuni kiasi, na nyuma, kule waya unakotokea, inasikia kidogo sana. Ndivyo ilivyotengenezwa, na ndiyo silaha kubwa tuliyonayo. Uso wa maiki yetu unamtazama mchungaji. Nyuma ya mchungaji, hatua tatu nne, ziko spika zinazotazama waumini. Kwa hiyo zinatazama moja kwa moja uso wa maiki, upande wake wenye masikio makali kuliko yote. Halafu tunashangaa.

Kuna kanisa moja huku kwetu lililokuwa na maradhi hayohayo. Ukumbi kama mita 20 kwa 10, kuta za tofali zilizopigwa plasta, vigae chini, bati juu bila dari. Vijana waliniita niwasaidie kuchagua ampli. Nikawaambia tuanze na ngazi na fundi wa kuchomelea.

Tulizitoa spika madhabahuni tukazipeleka mbele ya mstari wa mimbari, upande wa waumini, kiasi cha mita mbili kutoka kwenye maiki kwenda mbele, moja ukuta wa kushoto na nyingine wa kulia. Fundi anayewatengenezea madirisha aliwachomelea vyuma vya kushikilia, vikafungwa kwa bolti zilizopita ukuta mzima, na mnyororo wa usalama juu yake, kwa sababu spika ikimwangukia muumini hakuna tena mjadala wa mluzi. Zikakaa juu ya vichwa vya watu waliosimama, zimeinamishwa ziwatazame waliokaa mabenchi ya katikati na nyuma. Hili la kuinamisha watu wengi hulipuuza. Spika ikitazama ukuta wa nyuma au bati, sauti inagonga na kurudi madhabahuni, na maiki inaipokea. Ikitazama watu, nguo na miili inaimeza.

Angalieni kilichobadilika. Maiki sasa imezipa spika mgongo, na spika zimeipa maiki mgongo. Vifaa ni vilevile.

Nusu ya pili ya dawa ni umbali wa mdomo, na hapa ndipo wachungaji wetu wanaponichosha. Mchungaji anasimama nusu mita kutoka kwenye maiki kana kwamba inauma, halafu anaagiza aongezewe sauti. Kila ukipunguza umbali wa mdomo kwa nusu, sauti inayoingia inaongezeka desibeli 6. Toka sentimita 40 hadi 20 umepata 6, toka 20 hadi 10 umepata nyingine 6. Jumla 12. Ukitaka kupata desibeli 12 kwa kununua ampli, utahitaji yenye nguvu mara 16 zaidi: toka wati 100 hadi wati 1600! Na hiyo ampli isingezuia mluzi, ingeongeza kelele tu. Hatua moja mbele inafanya yote mawili, kwa sababu mchungaji akisogea kijana anashusha geini desibeli 12, waumini wanasikia vilevile, na mzunguko umedhoofika kwa kiasi hichohicho. Bure. Vidole vinne kutoka mdomoni, maiki ikiwa chini kidogo ya midomo ili herufi "p" isipige.

Na tafadhali, acheni kushika maiki kichwani. Nyuma ya kile kichwa cha wavu kuna nafasi za kupitishia sauti, na hizo ndizo zinazoifanya maiki ipuuze sauti za nyuma. Mwimbaji kiongozi akikibana kichwa kwa kiganja kwa sababu ameona wasanii wanafanya hivyo, ameziba zile nafasi, na maiki imeanza kusikia pande zote. Kuna ile nyingine inayonimaliza kabisa: maiki inaanza kulia, mhubiri anaifunika kwa kiganja ili inyamaze, nayo inalia maradufu. Anaongeza kiganja cha pili. Wapo waliowahi kukemea. Toa mkono, mpendwa, shika shina, itanyamaza.

Nirudi kwenye lile kanisa. Tulipowasha, ule mluzi mkali ulikuwa umekwisha, ila tulipopandisha sana ukatokea mvumo mnene wa "uuuu". Huo ni ugonjwa mwingine kidogo. Sauti nyembamba hutoka spika kwa mbele tu, lakini besi huzunguka pande zote, kwa hiyo mgongo wa spika hauizuii. Mikisa nyingi zina swichi ya kukata besi kwenye chaneli ya maiki. Ibonyezeni. Chini ya hezi 100 sauti ya mhubiri haina kitu mnachokihitaji, hata awe na kifua kiasi gani. Mvumo ukibaki, mara nyingi uko kwenye hezi 200 hadi 300, punguzeni besi ya chaneli hiyo taratibu mpaka utoweke. Wao walikuwa wameiweka besi mpaka mwisho ili sauti "iwe na upako". Eko nayo ilikuwa imefunguliwa nusu. Eko ni kuirudisha sauti kwenye spika mara ya pili na ya tatu, yaani mnalipia mzunguko uwe mrefu. Wekeni sifuri wakati wa mahubiri.

Kupima fanyeni Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu, kwa sababu ndipo unapolia kwa urahisi. Jumapili watu watameza sauti na mtakuwa na akiba. Mtu mmoja aongee vidole vinne kutoka kwenye maiki, mwingine apandishe kidogokidogo. Kabla ya kulia kuna dalili: maneno yanaanza kuwa na mkia, kila silabi inaacha mlio mwembamba unaochelewa kuisha. Hapo mko mlangoni. Shusheni desibeli 6 kutoka hapo, wekeni alama ya kalamu kwenye mikisa, na asiwepo wa kuivuka, hata mgeni rasmi.

Haya, ikwaliza, vile vitufe vya kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba kila moja peke yake, inasaidia, nakubali kwa shingo upande. Ikiwa mikisa inayo, tafuta sauti ile inayoanza kulia kwanza, ipunguze desibeli 3, pandisha tena, tafuta inayofuata. Ukishafika ya tatu au ya nne acha, maana baada ya hapo unamkatakata mhubiri mwenyewe mpaka asikike anaongea kwenye simu. Na kile kidude cha kamati hufanya kazi hiyohiyo chenyewe, kwa haraka kuliko kidole. Kinaongeza desibeli chache. Ni chache kuliko hatua moja ya mchungaji kwenda mbele, na hatua ya mchungaji haina bahasha.

Najua mtaniambia, sasa mchungaji atajisikiaje? Swali la haki. Spika zikiwa mbele yake, anachosikia zaidi ni kinachorudi kutoka ukuta wa nyuma, na katika ukumbi wa mita 20 kwenda na kurudi ni mita 40, zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Inasumbua, hasa wiki ya kwanza. Kuinamisha spika kunapunguza, na pazia zito kwenye ukuta wa nyuma linapunguza zaidi. Atazoea. Pazia lingine nyuma ya madhabahu, juu ya vile vigae tulivyovibandika kwa mbwembwe, litazuia sauti isimgonge mgongoni na kurudi kwenye uso wa maiki. Liwe zito kweli, lenye mikunjo. Kitambaa cha satini cha kupambia harusi hakizuii kitu.

Dawa yote hii ina mpaka mmoja, maiki isiyo na waya. Mchungaji akishuka kuwafuata waumini anauvuka mstari wa spika, na akisimama mbele ya spika tumerudi tulikotoka. Abaki njia ya katikati, mbali na kuta. Lile kanisa walibandika tepu sakafuni chini ya kila spika, na mchungaji aliiheshimu mpaka siku ya maombezi, alipoifuata ile foleni ya wagonjwa pembeni kabisa na ukumbi ukalia mpaka watoto wakaziba masikio. Kijana wa mitambo hakushusha kitu, kwa sababu meza yake ilikuwa imefichwa kwenye chumba kidogo kando ya madhabahu, "ili nyaya zisionekane". Hakuwa anamwona mchungaji, wala hakuwa anasikia wanachosikia waumini. Sasa wamemhamishia benchi la tano kutoka nyuma, njia ya katikati, mkono juu ya mikisa. Nyaya zinaonekana.