Kipande cha simu kimepungua, simu zenyewe zimeongezeka

"Tuna data ya maombi ya wateja ya miaka mitano, njia tatu: simu, meseji na kuja ofisini. Bosi anataka grafu mbili za duara, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa tano, zikae pamoja kwenye slaidi. Mimi naona bora grafu ya mstari. Nani yuko sahihi?"

Bosi ana hoja na nitaifikia, ila kwanza tuweke namba mezani. Tuseme mwaka wa kwanza maombi yalikuwa 1,000: simu 500, ofisini 300, meseji 200. Mwaka wa tano yamefika 2,400: simu 900, ofisini 300 vilevile, meseji 1,200.

Sasa zichore duara mbili za bosi. Kipande cha simu kinatoka asilimia 50 kinashuka mpaka 37.5, cha ofisini kinatoka 30 kinaanguka mpaka 12.5. Yeyote atakayeona hiyo slaidi atasema watu wanaacha kupiga simu na kaunta ya ofisini inakufa. Lakini simu zimeongezeka kwa asilimia 80, na kaunta haijapoteza hata ombi moja, ni 300 mwanzo na 300 mwisho! Kilichobadilika ni jumla, na jumla kwenye duara haionekani, maana duara zote mbili zimechorwa saizi moja, ya 1,000 na ya 2,400 zinafanana tu.

Hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu hiyo picha inafanyiwa maamuzi. Mtu akiona kipande cha simu kimepungua anatoa watu kwenye dawati la simu anawapeleka kwenye meseji, halafu wale waliobaki wanapokea simu 900 wakati zamani walikuwa wanapokea 500 na walikuwa wengi zaidi, foleni inakuwa ndefu, na lawama zinawaangukia wao. Na hakuna aliyedanganya, kila asilimia pale ni sahihi. Swali lilikuwa kazi imeongezeka au imepungua, jibu lililoletwa ni la mgawanyo.

Grafu ya mstari yenye idadi halisi inaliweka wazi bila maelezo: simu inapanda, meseji inapanda kwa kasi na kuipita, ofisini imelala. Tena unaona ile miaka ya katikati ambayo duara mbili zimeiruka, kama meseji ilipanda polepole au iliruka mwaka mmoja tu, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa ukitaka kukadiria mwaka wa sita.

Kuna watu husuluhisha kwa grafu ya nguzo za kurundikana, yaani kila mwaka una nguzo moja na njia zote tatu zimepangwa ndani yake moja juu ya nyingine. Zinasaidia kwa kuwa urefu wa nguzo nzima unaonyesha jumla, lakini ni safu ya chini tu inayoanzia sifuri kila mwaka. Ukiweka simu chini na ofisini juu yake, ofisini inaanza kukaa kati ya 500 na 800, mwisho inakaa kati ya 900 na 1,200, jicho linaona kitu kinapanda wakati unene wake haujabadilika. Kwa hiyo kile unachotaka kifuatiliwe kiweke chini kabisa. Na kwenye Excel angalia usichague `100% Stacked Column` ukidhani ni ileile, hiyo inafanya nguzo zote zilingane urefu na jumla inapotea tena kama kwenye duara.

Haya, hoja ya bosi. Kama anachouliza ni leo mzigo umegawanyika vipi, duara moja ya mwaka wa tano inamtosha, nusu ya duara ni meseji, hata aliye nyuma ya chumba anaiona, na kwenye mistari angelazimika kujumlisha namba tatu kichwani. William Playfair, Mskoti anayetajwa kuwa mwanzilishi wa grafu hizi, alichapisha grafu za mstari mwaka 1786 za biashara iliyobadilika mwaka hadi mwaka, na mwaka 1801 akachora duara kuonyesha Dola ya Uturuki imegawanyika vipi Asia, Ulaya na Afrika, yaani hali ya wakati mmoja. Duara inataka tu vipande viwe vichache na vitengeneze kitu kizima, maana mteja aliyepiga simu kisha akatuma meseji kwa shida ileile akihesabiwa mara mbili, hicho kizima kimeshaharibika.

Na kama anataka mgawanyo ulivyobadilika kwa miaka yote mitano, chora asilimia zenyewe kama mistari mitatu, simu 50 mpaka 37.5, na kadhalika, halafu juu yake weka grafu ya idadi halisi, miaka ikiwa imelingana juu na chini. Ya idadi ndiyo itangulie, na jumla ya kila mwaka iandikwe kwa namba, 1,000 hapa, 2,400 pale, ili anayesoma ile 37.5 ajue ni asilimia ya ngapi.